Kifungu cha Isipokuwa

Siku walimu wenzake walipompa Breki zawadi, walimpa kwenye karatasi iliyopigwa chapa, naye alipoisoma akatamani ardhi ipasuke immeze.

Breki halikuwa jina alilopewa na mama yake. Wanafunzi ndio waliombandika, kwa sababu alipojitokeza tu kwenye kona ya jengo la madarasa, mbio zote zilikufa papo hapo. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na kwa miaka mingi alikuwa pia mwalimu wa nidhamu wa shule ile ya msingi. Alikuwa pande la mtu, sauti nzito, shati limenyooshwa hata siku za michezo. Hakuwa na haya ya kujisifu. Mtu akimuuliza siri ya utulivu wa shule yao, alijibu, “Siri iko mbele yako, imevaa tai.”

Mambo yalianza bodi ya shule ilipoagiza ziandikwe kanuni za maadili ya walimu, na kwamba walimu wenyewe wazitunge, kwa sababu kanuni zinazoletwa kutoka juu, mwenyekiti wa bodi alisema, huishia kufungia maandazi. Ikaundwa kamati. Aliyeiongoza alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mama wa makamo mwenye miwani inayoning’inia kifuani kwa uzi, ambaye shule nzima ilimwita Mama Koma kwa jinsi asivyoweza kuona sentensi ya mtu ikapita bila kuitia alama. Breki aliingizwa kwenye kamati bila hata kupigiwa kura. Nani angethubutu kuandika habari za nidhamu yeye akiwa nje?

Rasimu ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilihusu mwenendo wa mwalimu kazini: kufika kwa wakati, kuandaa masomo, kutomtuma mwanafunzi shughuli za nyumbani kwako, kuwa mkweli kwa wenzako. Ya pili ilihusu namna ya kuwarudi wanafunzi. Ya tatu ilieleza mtu afanye nini akiona kanuni zimevunjwa: amwambie nani, lini, na anayetuhumiwa asikilizwe vipi. Kila idara ilipewa nakala isome na kuandika maoni, kisha kamati ikakaa chumba cha walimu baada ya vipindi, madaftari yamesukumwa pembeni, ili iyaingize maoni hayo mahali pake.

“Sehemu ya pili,” alisema Mama Koma, akiivaa miwani. “Idara zote zimekubaliana, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nianze kazi. Sikilizeni. ‘Mwalimu hatampiga mwanafunzi kwa fimbo, kwa mkono wala kwa kitu kingine chochote, isipokuwa mwalimu wa nidhamu, kwa idhini ya mkuu wa shule.’”

Wote wakamgeukia Breki wakitabasamu, kama watu waliomfunika macho mtoto wao na sasa wanamfunulia baiskeli.

“Sheria inaruhusu,” aliongeza mwalimu wa hesabu. “Idhini ya mkuu, na iandikwe kitabuni. Basi tumeona sisi wengine tuache kabisa, tusije tukaharibu. Hii kazi tumwachie fundi. Mzee, umetutunzia shule. Hiki ni kifungu chako.”

Breki alikisoma tena mwenyewe. Ulimi wake, ambao hakukumbuka siku uliyowahi kumwangusha, ulikuwa mzito kama umetiwa ganzi.

“Nipeni nafasi nikitafakari,” alisema.

“Mnyenyekevu pia!” Mama Koma akacheka, akaandika pembeni: kimekubaliwa na kamati, kipelekwe mkutano wa walimu wote.

Sasa ni lazima nieleze habari za stoo, maana bila stoo mtu hawezi kujua kwa nini mzee mzima alitoka kikaoni akiwa amelowa jasho.

Ubavuni mwa chumba cha walimu kulikuwa na stoo ndogo ya ramani, mlango wake ukitazama nje. Mlikuwa na ramani zilizokunjwa, tufe la dunia lililovunjika kiegemeo, makopo ya rangi iliyokauka, na kigoda. Humo ndimo Breki alimofanyia kazi yake. Mwalimu yeyote aliyeshindwa na mwanafunzi alimtuma kwake kwa maneno mafupi: “Nenda kwa Breki.” Mtoto akaingia, mlango ukafungwa, na baada ya muda walimu wakasikia kupitia ukutani: pa! pa! pa! Mtoto akatoka akipuliza viganja, akapita mbele ya madirisha ya chumba cha walimu na uso wa kusikitisha. Walimu wakatikisa vichwa kwa huruma kidogo na kuridhika kwingi, wakaendelea na chai yao.

Ukweli ni kwamba fimbo ya Breki ilikuwa haijagusa mkono wa mtoto kwa muda mrefu sana. Ilikuwa inapiga mto wa kochi.

Aliacha siku moja alipoletewa mvulana wa darasa la tano. Akamuuliza, “Umefanya nini?” Mtoto akasema hajui. Breki alidhani ni ubishi, akamwacha amesimama, akaenda kumuuliza mwalimu aliyemtuma. Mwalimu alikuwa anasahihisha. Aliinua kalamu, akafikiri, akasema, “Hata sikumbuki. We mpe tu, hatakosa sababu.” Breki alirudi stoo, akamtazama mvulana ambaye tayari alikuwa amenyoosha kiganja na kugeuzia uso ukutani, na hasira iliyompanda haikuwa ya mtoto tena. Kesho yake alikuja na mto kutoka nyumbani, ndani ya mfuko. Mkewe aliutafuta wiki nzima.

Tangu hapo, anayetumwa alikalishwa kwenye kigoda na kuulizwa kilichotokea. Aliulizwa tena, na tena, mpaka ukweli utoke. Kisha walipatana: atamwomba radhi nani, atafidia vipi, nani nyumbani aitwe. Baada ya hapo Breki aliupiga mto mara kadhaa kwa nguvu zake zote, mtoto akapuliza viganja, akatoka. Watoto waliitunza siri ile kuliko watu wazima wanavyotunza za kwao. Wakubwa waliwafundisha wadogo namna ya kulia. Wengine walitia chumvi, kama yule msichana aliyepiga yowe kabla fimbo haijainuliwa, hata Breki akamnong’oneza, “Taratibu, mama, utaniletea polisi.”

Shule ilitulia kweli. Ndiyo maana walimu waliamini fimbo, na Breki akawaacha waamini, kwa sababu, tuseme lililo kweli, sifa ni tamu. Aliila ile sifa bila kusaza.

Siku mbili tatu baada ya kikao cha kamati, mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache, na walimu wote walimwita Madam.

“Bodi inafungua shule ya pili,” alisema. “Nimependekeza jina lako kuwa mkuu. Wamekubali kwa mdomo. Barua itatoka baada ya mkutano wa kanuni.”

Breki alikaa wima zaidi. Kwa muda mrefu alikuwa amejiona katika kiti kile cha kuzunguka, tena alishajua hata picha gani ataitundika ukutani.

“Wametaka kujua kwa nini wewe,” Madam aliendelea. “Nikawaambia: nidhamu. Nikawaambia hakuna mtu shuleni hapa anayeweza kushika fimbo kwa kiasi kama wewe. Nafasi yako ya nidhamu nitampa mwalimu wa michezo. Kijana ana nguvu, na anakuheshimu.”

Breki aliposikia maneno ya mwisho, furaha ilimkauka mdomoni.

Mwalimu wa michezo hakuchelewesha mambo. Mchana ule ule alimkuta Breki kwenye stoo, akaingia akiwa na firimbi shingoni na kitu kirefu alichokiviringisha kwenye gazeti. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, mwenye mabega ya mrusha tufe. Watoto walimpenda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umebeba nini?”

Kijana alilifungua gazeti. Fimbo ilikuwa imekwanguliwa vizuri, imepakwa vanishi, na mpini umefungwa utepe ili usiteleze. Aliishika kwa fahari.

“Nimeichonga mwenyewe. Sasa naomba unifundishe, mzee. Sitaki kuumiza mtu. Nataka nijue ule mkono wako wenyewe, ule wa kumfanya mtoto atoke humu amebadilika. Mimi huwa nasikiliza pale nje nikijiuliza, huyu anapigaje? Kuna mwaka nilikuwa na watoto wakorofi kwenye timu ya mpira, nikawaleta kwako, wakarudi kama malaika. Nikasema, kumbe fimbo ikipigwa na anayejua ni dawa.”

Akaipunga hewani. Ilivuma. Breki alimtazama mkono, akawaza viganja vya darasa la pili.

“Iache nyumbani kwanza,” alisema. “Tutazungumza baada ya mkutano.”

“Sawa, mzee. Lakini usininyime ujuzi, eh? Kifungu ni chako leo, kesho changu.”

Hapo ndipo Breki alipokiona kile kifungu chote, kuanzia kichwa mpaka mkia. Mto ulikuwa wake, akiondoka angeondoka nao. Kifungu kingebaki. Kingebaki kimepigwa muhuri wa bodi, na kila mtoto atakayekaa kwenye kile kigoda yeye akishaondoka angepigwa kweli, na mtu mwema, mwenye nia njema, kwa sababu ya sifa ya viboko ambavyo havikuwahi kupigwa.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani sebuleni. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na kwa kuwa mashine ilikuwa na kelele, ilibidi mtu mwenye mambo mazito asubiri kuyasema mpaka ifike mwisho wa mshono.

“Haya, baba watoto. Uso huo umeutoa wapi?”

Alimweleza yote. Ya mto mkewe aliyajua. Alikuwa amembana zamani kidogo juu ya kochi lenye pengo, akacheka mpaka akaketi chini. Ya ukuu wa shule yalikuwa mapya. Aliiacha nguo.

“Mkuu wa shule,” alisema, kana kwamba anapima kitambaa. “Na ukisema kweli?”

“Wataniona mwongo. Tena watakuwa sahihi. Kuna kifungu tumekiandika wenyewe, mwalimu awe mkweli kwa wenzake. Mimi ndiye niliyekipendekeza.”

“Makubwa!” Mkewe akashika kiuno, akacheka, kisha akaacha kucheka. “Si useme tu kwamba unapinga kifungu? Bila kutaja mto?”

“Nimefikiri hivyo pia. Nitawaambia nini? ‘Jamani, fimbo haifai’? Watanijibu kwa shule yao wenyewe. ‘Mbona kwako imefaa?’ Mimi ndiye ushahidi wao, mama watoto. Hawana mwingine.”

Mkewe alimtazama. Alikuwa anaujua ubishi wa mumewe na majivuno yake, na alikuwa amevipenda vyote viwili kwa pamoja, maana havitenganishiki.

“Mimi nilitaka kuitwa mke wa mkuu,” alisema hatimaye. “Nisikudanganye, nilitaka. Lakini ukiwaacha wale watoto wapigwe kwa ajili ya uongo wako, mimi nitakaa na nani humu ndani? Nenda kaseme. Na useme kama wewe, usiende kulialia.”

Mkutano wa walimu wote ulifanyika katika chumba cha darasa la saba, watu wazima wakibanana kwenye madawati. Madam aliongoza. Mwenyekiti wa bodi, mfanyabiashara mstaafu mwenye kusinzia, alikaa pembeni kusikiliza. Mama Koma alisoma rasimu kifungu kwa kifungu, na kila kilipokwisha, Madam aliuliza kama kuna mwenye neno. Sehemu ya kwanza ilipita kwa mizaha kidogo, hasa kwenye habari ya kufika kwa wakati. Wakaingia ya pili.

“‘Isipokuwa mwalimu wa nidhamu, kwa idhini ya mkuu wa shule,’” Mama Koma alimaliza. “Nafikiri hapa tupige makofi tu, tusonge.”

Wakapiga makofi kweli. Mwalimu wa michezo alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Breki alisimama. Alifunga kifungo cha koti. Hofu ilikuwepo, lakini alishaamua, na mtu akishaamua kifua chake hupata nafasi.

“Naomba kifungu hiki kife,” alisema. “Na ninao ushahidi wa kukiua. Mnasema shule imetulia kwa fimbo yangu. Sijampiga mtoto yeyote katika shule hii tangu wale wa darasa la saba wa sasa walipokuwa chekechea.”

Mtu alicheka. Wakacheka wengine, wakidhani ni utani wake wa kawaida.

“Tunasikia kila siku, mzee!” alisema mwalimu wa hesabu. “Mimi nakaa ubavuni mwa ule ukuta.”

“Unasikia mto. Mto wa kochi, rangi ya kahawia. Uko nyuma ya ramani za bahari. Mke wangu bado anaudai.”

Kicheko kilichofuata kilianza vizuri kikafia njiani, maana Breki hakuwa anacheka. Mama Koma alivua miwani. Mwenyekiti wa bodi alikuwa macho kabisa.

“Na watoto wanaotoka wanapuliza mikono?” aliuliza Mama Koma.

“Waigizaji. Wengine wana kipaji.”

“Umetufanya wajinga,” alisema mwalimu wa hesabu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. “Miaka yote hiyo? Tunakutumia watoto, unakaa nao mnatucheka?”

“Hatukuwacheka. Lakini ndiyo, nimewadanganya, na nimewafundisha watoto kuwadanganya, na hilo ndilo baya zaidi. Nilipenda kuogopwa bila kulipia gharama yake. Sina pa kujifichia kwa hilo, wala sitafuti. Ninachowaomba ni kimoja: msiandike sheria juu ya kitu ambacho hakikutokea. Kesho nikiondoka, huyu kijana,” akamwelekezea mwalimu wa michezo mkono, “atapiga viganja halisi akitafuta matokeo ya mto. Asipoyapata ataongeza. Si kwa ubaya. Kwa sababu mimi nimemfanya aamini inawezekana.”

Mwalimu wa michezo alikuwa ameinama, anatazama mikono yake mwenyewe.

Madam aliuliza polepole, “Kama hukuwapiga, ulikuwa unafanya nini nao humo ndani muda wote huo?”

“Nilikuwa nawauliza kilichotokea.”

“Basi?”

“Basi, Madam. Wengi wao hawakuwa wameulizwa na mtu.”

Kila mmoja, nadhani, alikuwa anahesabu wa kwake aliowahi kuwatuma bila kuwauliza. Breki hakuwachombeza wala kuwapiga vijembe. Alitoa mfukoni karatasi aliyoiandika, akaisoma kwa sauti yake ile ile ya darasani. Mwalimu hatampiga mwanafunzi. Nukta. Mwalimu atamsikiliza mwanafunzi kabla ya kumwadhibu. Mwalimu aliyeona kosa atalishughulikia mwenyewe kwanza. Likimshinda atalipeleka kwa mwalimu wa nidhamu akiwa ameeleza kosa ni lipi na amekwisha kufanya nini, na hatamtuma mwanafunzi kwa mwalimu mwingine ili akaadhibiwe. Adhabu isimdhalilishe mtoto wala kumnyima masomo. Kosa kubwa, mzazi aitwe.

“‘Ili akaadhibiwe,’” Mama Koma alirudia, kalamu mkononi. Aliyetuma wengi kuliko wote alikuwa yeye. “Sina cha kurekebisha hapo.”

Walibishana, maana ni walimu. Mmoja alisema watoto watawapanda vichwani. Mwingine alitaka ‘isipokuwa’ ibaki kwa makosa makubwa tu, na Breki akamuuliza kosa kubwa ni lipi, akataja manne, watu wakampinga matatu. Mwisho walinyoosha mikono. ‘Isipokuwa’ ikafutwa, na wachache walioshindwa wakasema watatia saini lakini wanaomba iandikwe kwamba hawakufurahi. Ikaandikwa.

Sehemu ya tatu ilipofika, Breki ndiye aliyeisukuma zaidi. Anayeona au kuwa na sababu ya kuamini kwamba kanuni imevunjwa atatoa taarifa kwa mkuu wa shule siku ile ile. Akiwa mkuu ndiye anayetuhumiwa, taarifa iende kwa mwenyekiti wa bodi. Mtoto akiwa ameumizwa, mzazi ajulishwe, na linaloangukia kwenye sheria ya nchi lipelekwe kwa wahusika, lisimalizwe ofisini kwa chai. Mtuhumiwa aelezwe kwa maandishi na asikilizwe. Anayetoa taarifa kwa nia njema asilipiziwe kisasi.

“Kanuni hazijaanza kutumika,” alisema Breki, akikaa, “lakini mimi nisingependa kuponyokea mlango wa nyuma. Nishughulikieni kwa sehemu ya kwanza.”

Walimshughulikia. Aliitwa, akasikilizwa, akapewa onyo la maandishi kwa kutokuwa mkweli kwa wenzake. Alilisoma, akalitia saini, akamwambia Madam limeandikwa vizuri. Barua ya ukuu haikutoka; shule ya pili ilipewa mtu kutoka nje. Jioni alipopata habari hiyo Breki alikaa sebuleni bila kuwasha taa mpaka mkewe alipomwambia kwamba kiza hakipunguzi machungu, kinapandisha bei ya miwani. Aliumia, na kwa siku kadhaa aliumia waziwazi, akawa hajisifu kwa lolote. Walimu walianza kumwonea wasiwasi.

Kazi ya nidhamu Madam aliiacha mikononi mwake. “Sasa angalau najua unachofanya,” alimwambia.

Bodi ikaidhinisha, kila mwalimu akatia saini, nakala zikaingia kwenye majalada. Muhula uliendelea. Walimu walijikongoja kuuliza wanafunzi kilichotokea, wengine kwa sauti ya kama wanahoji wezi. Mama Koma aliwahi kumjia Breki analalamika: “Nimemuuliza, amenijibu, sasa nafanyaje na jibu?” Wakakaa wakalizungumza.

Kisha asubuhi moja, mapumziko yameanza, mwalimu wa michezo aliingia stoo bila kubisha. Firimbi haikuwa shingoni. Aliurudishia mlango nyuma yake.

“Mzee,” alisema. “Nimempiga mtoto.”

Breki aliweka chini ramani aliyokuwa anaiviringisha.

“Nani?”

“Yule mfupi wa darasa la sita. Alimpiga mwenzake teke uwanjani, nikaenda kuwaachanisha, akanitukania mama yangu. Mkono ukaenda wenyewe. Kofi, shavuni.” Akakificha kiganja nyuma. “Nilimtazama nikaona alama ya vidole vyangu. Mzee, mimi si mtu wa hivyo.”

“Yuko wapi sasa?”

“Kwa matroni, anamwekea kitambaa cha maji. Anasema haumwi sana. Hakuna mwalimu mwingine aliyeona.” Kisha akasema kwa haraka, “Wewe unaelewa mambo haya kuliko wote. Tumwite, nimwombe radhi mbele yako, yaishe humu humu. Nimeshajifunza. Nakuapia nimejifunza.”

Breki alimtazama kijana yule kwa mapenzi. Alijua wazi kwamba anasema kweli, kwamba kofi hilo halingerudiwa, na kwamba jambo hili lingeweza kufungiwa mle ndani na kila mtu akapata nafuu. Mlango ulikuwa tayari umefungwa. Alikuwa na ujuzi wa kufungia mambo mle kuliko mtu yeyote shuleni.

“Radhi utamwomba,” alisema. “Leo, na mama yake akiwepo. Lakini kwanza tunakwenda kwa Madam.”

“Mzee, mimi ni mwanao!”

“Ndiyo maana nitakwenda na wewe. Ungekuwa mtu baki ningekwambia ofisi iko wapi.” Aliinuka, akalivaa koti. “Umeniambia, kwa hiyo nami nimejua. Ukienda mwenyewe, utaandikiwa kwamba umekwenda mwenyewe. Usipokwenda, nitakwenda mimi kabla kengele ya kurudi madarasani haijalia, nami sitatia chumvi wala kupunguza. Chagua.”

Kijana alijifuta uso kwa mkono wa shati lake. “Watanifukuza?”

“Sijui. Sidhani, lakini sijui. Utasikilizwa, hilo najua, tuliliandika.”

Walitoka. Uwanja ulikuwa umejaa watoto, na walipomwona Breki mbio zilikufa kama kawaida, kisha zikaendelea. Mwalimu wa michezo alitembea kichwa chini mpaka walipofika kwenye baraza la ofisi, nje ya chumba cha matroni, ambako mvulana mfupi alikuwa amekaa kwenye benchi na kitambaa shavuni, matroni kando yake. Mvulana alipomwona mwalimu aliyempiga, alijisogeza nyuma hadi ukutani.

Kijana alisimama. Alipiga magoti pale pale sakafuni, mbali kidogo, asimtishe. “Mwanangu, nimekukosea,” alisema. “Nakwenda kumwambia mkuu. Ukiulizwa, sema kila kitu. Usinifichie.”

Mvulana alimtazama, kisha akamtazama Breki, kama anayeuliza iwapo hili nalo ni igizo.

“Si mchezo,” Breki alimwambia. “Hii ni kweli.”

Akabisha mlango wa Madam, na mwalimu wa michezo akainuka akaingia wa kwanza.